Watu wanne mezani: ninavyowatambulisha siku hizi

Mara ya kwanza kupewa maiki niendeshe mjadala wa watu wanne, niliomba wasifu zao nikazisoma kama zilivyo. Wa kwanza "ana uzoefu wa miaka mingi", wa pili naye ana uzoefu wa miaka mingi, wa tatu hivyohivyo, nafika kwa wa nne watu wako kwenye simu zao, na yule mama wa nne ndo alikuwa na jambo zito kuliko wote. Iliniuma sana, maana watu nilishawachosha mimi kabla hawajamsikia yeye.

Baadaye nikaja kuona kwamba kinachochosha ni mpangilio wa sentensi, yaani jina, cheo, shahada, miaka, halafu "tumkaribishe", mara nne. Hata ukitoa "mtaalamu" ukaweka "mbobezi" bado msikilizaji anajua kinachofuata. Mi siku hizi natafuta kwanza safari ya ile mada, inaanzia wapi na inaishia wapi, halafu kila mgeni namweka kwenye kituo chake. Hapo mpangilio unajitengeneza wenyewe na wala huhitaji kusema "wa kwanza, wa pili".

Chukua mjadala wa watoto na simu. Mezani kuna mzazi, mwalimu, daktari wa macho na kijana anayetengeneza programu za simu. Ukifuata vyeo utaanza na daktari na mzazi atakuwa mkiani. Ukifuata safari ya tatizo, linaanzia nyumbani, linaingia darasani, linafika hospitali, halafu tunarudi kule simu inakotengenezwa. Basi naandika hivi:

Mzazi: "Saa nne usiku, mtoto kalala lakini simu bado inawaka chini ya shuka. Aliyeikuta hiyo simu yuko nasi, ni mama wa watoto watatu," ndipo nataja jina, mwishoni kabisa.

Mwalimu: hapa jina linatangulia, "Mwalimu fulani ndiye anayempokea mtoto huyo asubuhi akiwa anasinzia, na anafundisha darasa la tano."

Daktari: naanza na swali, "Je, macho yenyewe yanaumia kweli, au ni wasiwasi wetu wazazi? Tutamuuliza anayeyapima kila siku, Daktari fulani."

Kijana wa programu: "Wote watatu wanaikuta simu ikiwa tayari mkononi. Huyu anajua kilichowekwa ndani yake ili mtoto asiiachie."

Unaona, jina limehama, mara liko mwisho mara mwanzo, na kila mmoja nimemchukulia kitu kimoja tu kwenye wasifu wake, kile kinachomfanya awe na haki ya kuongelea mada hii. Tuzo na shahada nyingine ziache, kama kuna karatasi ya ratiba ziandikwe huko. Ila uzani uwe sawa jamani! Nusu dakika kila mtu, wote wanne dakika mbili, na upime kwa saa ya simu ukiwa unasoma kwa sauti, maana kusoma kimoyomoyo kunadanganya. Ukimpa daktari dakika nzima na mzazi sekunde kumi, ukumbi umeshajua nani wa kusikilizwa.

Kitu kingine ni viti. Niliwahi kutambulisha kwa mpangilio mzuri tu kumbe wamekaa kivyao, basi kila jina nikitaja watu wanageuza shingo kumtafuta ni yupi. Sasa hivi nafika mapema nawakalisha kwa mpangilio wa utambulisho, kuanzia kushoto kwa wasikilizaji, na hiyo kushoto yao ni kulia kwako ukiwa unawatazama, usichanganye. Na makofi naomba yasubiri mpaka wa nne, kwa sababu yakipigwa kila jina ule uzi unakatika na utajikuta unaanza upya kila mara.

Majina nawauliza wenyewe kabla ya kupanda, wanatamkaje na wanapenda waitwe nani, naandika kama yanavyosikika.

Kuna hatari moja kwenye njia hii, mtu akichelewa mnyororo unakatika. Ndo maana kila mgeni ana kadi yake na sentensi ya kuunganisha naiandika juu kabisa, peke yake, niweze kuiruka au kuibadilisha. Siku mwalimu hajafika, kutoka kwa mzazi naenda moja kwa moja kwa daktari, "mama huyu akipata wasiwasi anampeleka mtoto kwa...", na kwa kijana "wote watatu" inakuwa "wote wawili". Mwalimu akiingia katikati namtambulisha kwa kadi yake kabla sijamuuliza swali lake la kwanza, siwakatizi wenzake wanaoongea.

Nikimaliza wa nne naacha makofi yapigwe, halafu swali la kwanza nalirudisha kwa yule mama na simu yake ya chini ya shuka.