Kabla hujajaziwa gesi kwenye friji, bonyeza kwanza swichi ya mlango

Mwaka jana mwezi wa kumi friji yetu hapa Kisasa ilianza tabia ambayo sikuielewa kabisa. Maziwa nikiweka shelfu ya juu yanachacha kesho yake, ila kwenye friza nyama inaganda kama jiwe, alafu kompresa inaunguruma kutwa haipumziki. Oktoba ya Dodoma mnaijua joto lake, nkajua ndo hilo tu, nkazungusha kile kirekebisha baridi kutoka 3 kwenda 5, haikusaidia chochote zaidi ya luku kukimbia.

Nkaita fundi. Akashika bomba za nyuma, akasikiliza kompresa dakika mbili tatu, akasema dada gesi imepungua, andaa elfu themanini. Siku hiyo sikuwa nayo, na nashukuru sana sikuwa nayo, mana kulikuwa na kitu hakikai sawa kichwani: gesi ikipungua mara nyingi hata friza inalegea, barafu linakuwa upande mmoja tu au nyama inabaki laini. Yangu friza ilikuwa iko vizuri kabisa.

Jioni yake nimefungua mlango nichukue maziwa, mkono ukagusa lile kava la plastiki la balbu. La moto. Nkashtuka, kwasababu mlango nimeufungua sekunde hiyohiyo na taa si inawaka nikifungua tu? Kava lenyewe nkaliangalia vizuri, limeanza kuwa la njano katikati. Yani balbu ilikuwa inawaka masaa yote, mlango umefungwa na taa iko ndani inachemsha maziwa yangu.

Kuhakikisha ni rahisi, washa kamera ya simu kwenye video, iweke kwenye shelfu ikiangalia taa, funga mlango dakika moja alafu toa uangalie. Simu usiiache muda mrefu, ikitoka kwenye ubaridi inaota majimaji. Taa ya friji nzima inatakiwa izime mlango ukikaribia kufunga kabisa, video yangu ilikuwa nyeupe mwanzo mpaka mwisho.

Balbu yangu ni ya wati 15, ile ya kizamani ya waya. Unaweza ukasema wati 15 ni nini, lakini piga hesabu, masaa 24 kwa siku 30 ni kama unit 11 kwa mwezi, na hiyo ni balbu peke yake. Balbu za hivo umeme wake karibu wote unageuka joto, na hilo joto liko ndani ya friji, kwahiyo kompresa inakula umeme mwingine tena kulitoa. Ndo mana haipumziki. Balbu ya LED ina joto dogo sana, mwenye nayo anaweza akakaa mwaka mzima asijue kama taa yake haizimi.

Sasa swichi yenyewe ni kile kitufe kidogo cha plastiki kwenye ukuta wa friji ambacho mlango unakikandamiza ukifungwa. Fungua mlango ukibonyeze kwa kidole mpaka mwisho. Hapa ndo unajua tatizo liko wapi, na msipaharakishe. Taa ikizima ukibonyeza kwa kidole, swichi ni nzima, shida ni mlango haukifikii: umelala bawaba zimelegea, au raba imekakamaa, au kale kasehemu ka mlango kanakobonyeza kamelika. Bandika kipande cha boksi gumu pale mlango unapogusa kitufe urudie video, taa ikizima umeshapata jibu na swichi usinunue. Lakini ukibonyeza mpaka mwisho na taa bado inawaka, kama ilivyokuwa yangu, basi ni swichi.

Nlianza kwa kusafisha, mana vumbi la huku likichanganyika na maziwa yaliyomwagika linakuwa kama gundi. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kimekamuliwa, friji imechomolewa ukutani. Narudia hapo, imechomolewa. Kuzungusha kirekebisha baridi mpaka 0 kunazima kompresa tu, kwenye friji nyingi waya wa taa unabaki na umeme wote wa volti 230. Na mafuta ya kula msipake, yanashika vumbi zaidi.

Kusafisha hakukusaidia nkaamua kuitoa. Subiri friji ipate joto kama nusu saa kwanza, plastiki ya baridi inavunjika kirahisi. Bisibisi bapa nkaizungushia tepu ili isikwangue, nkaichomeka pembeni ya swichi, vile vishikizo vikaachia ikatoka na waya zake. Piga picha waya zilivyokaa, alafu zibane kwa kibanio cha nguo kabla hujazichomoa, zikirudi ndani ya tundu utajuta kuzitafuta. Mita ya kupimia waya nkaiweka kwenye mlio, ile inayolia njia ya umeme ikiwa imeungana, nkagusa pini mbili za taa: ikalia, sawa. Nkabonyeza kitufe, ikaendelea kulia. Hapo ilitakiwa inyamaze. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeshikana kwa cheche za miaka yote.

Swichi nliipata mjini kwa elfu saba, nlienda na ile mbovu mkononi nkalinganisha idadi ya pini na ukubwa wa tundu. Hilo la pini ni muhimu, mana friji zisizoganda barafu zenye feni mara nyingi swichi yake inafanya kazi mbili, mlango ukifunguka inawasha taa na kuzima feni. Pini za feni ukizipima zinakuwa kinyume cha za taa, zinalia ukiwa umebonyeza na zinanyamaza ukiachia. Na kama friji yako swichi haionekani kabisa, huenda inatumia sumaku kwenye mlango, hiyo ya kidole haikuhusu.

Siku tatu tulizokuwa tunasubiri swichi mpya nliichomoa friji, nkafungua ile balbu nkaitoa, alafu nkairudisha kwenye umeme. Friji inapoza vizuri tu bila taa.

Baada ya hapo jirani yangu anayeuza juisi ya zabibu akaniita, yake balbu haiwaki, kashabadilisha mbili. Nkamwambia fungua mlango kompresa ikiwa inafanya kazi usikilize, feni ilikuwa inapuliza kwa nguvu na mlango uko wazi. Kitufe kilikuwa kimezama ndani, juisi imekigandisha, kwahiyo friji inaamini mlango umefungwa. Yeye anafungua mara hamsini kwa siku, kila mara feni inatupa baridi nje na kuvuta hewa ya jikoni ndani, na ule unyevu ukawa barafu limeziba nyuma ya friza. Kwake maji ya uvuguvugu yalitosha, kitufe kikaruka nje chenyewe, taa ikawaka. Barafu tuliliyeyusha kwa kuizima na kuacha milango wazi usiku mzima, kuligonga kwa kisu hapana, nyuma yake kuna bomba za gesi na ukitoboa hapo ndo utaihitaji kweli ile elfu themanini.

Yangu nlipofunga swichi mpya nkarudia video, ikawa giza mlango ulipofunga. Kirekebisha baridi nimekirudisha 3, na kompresa saivi nasikia inazima na kupumzika.