Jibu: Mume anauliza nimeshinda nikifanya nini

"Niko Ujiji, mama wa nyumbani. Napika, nafua, nalea, jioni mume anauliza leo umeshinda ukifanya nini. Nimeanza kujiona si kitu."

Pole, dada. Anza na daftari la wiki moja. Usiandike "nimefanya usafi", hiyo haionyeshi kitu. Andika kwa saa: saa 11 alfajiri ndoo nne za maji na uji, saa 3 kufua, saa 5 kusafisha migebuka na kuchekecha unga wa muhogo. Andika hasa kazi za kichwa: tarehe ya kliniki ya mtoto, mkaa unaisha lini. Hizo ndizo zinazochosha kuliko zote, na hazionekani kwa sababu ukizifanya vizuri hakuna kinachoharibika.

Usimpe mume daftari akiwa ndio kwanza anaingia mlangoni, atalisikia kama deni na kujitetea. Mpe akishakula, pamoja na ombi moja linalotimizika, mfano Jumapili asubuhi watoto wawe wake mpaka saa 6. Ukiomba "unithamini" tu, atakubali na kesho mambo yatakuwa yale yale.

Akisema mali ni yake kwa kuwa ndiye anayeleta hela, Mahakama ya Rufani ilishakubali mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa.

Ila kama usingizi na hamu ya kula vimepotea wiki mbili mfululizo, daftari halitoshi. Nenda kituo cha afya, uwaeleze hivyo hivyo.