Kiberiti cha gesi, beseni la maji na ile 58 isiyotaka kutokea

Nasimamia praktiko za kemia, na ile ya kutafuta masi ya moli moja ya gesi ya kiberiti naipenda kuliko zote, maana jibu linajulikana: butani ni 58. Kwa hiyo ukipata 45 huna pa kujificha.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unapima kiberiti kwenye mizani, unajaza silinda maji unaipindua ndani ya beseni, unabonyeza kiberiti chini ya mdomo wake mpaka gesi ifike mililita 100, unapima kiberiti tena. Kabla ya kusoma ujazo pandisha au shusha silinda mpaka maji ya ndani na ya nje yawe levo moja, hapo ndo presha ya ndani inakuwa sawa na ya hewa ya chumba.

Tuseme uko Dar, maji nyuzi 28, baromita inasoma 758 mmHg, kiberiti kimepungua gramu 0.226. Mle kwenye silinda gesi haiko peke yake, kuna mvuke wa maji, na kwa nyuzi 28 presha yake ni 28.3. Toa, inabaki 729.7, gawa kwa 760 unapata atm 0.960. Halafu:

```
n = PV/RT = (0.960 × 0.100)/(0.0821 × 301) = 0.00388
M = 0.226/0.00388 = 58.2
```

Ukisahau kutoa mvuke utapata 56 hivi. Watu wanahangaika sana na huo mvuke, lakini mi nakwambia kinachoua hesabu ni maji yaliyobaki kwenye kiberiti, yanajificha pale kwenye gurudumu la cheche. Tone moja ni kama gramu 0.05, ukipima nalo inaonekana gesi iliyotoka ni 0.176 tu na jibu linashuka mpaka 45! Dawa yake: chovya kiberiti majini kabla ya kipimo cha kwanza kabisa, kikung'ute, kifute, ndo upime, na baada ya kukusanya gesi ukikaushe vilevile, ili unyevu kidogo uliobaki uwe karibu sawa mara zote mbili na ujifute wenyewe kwenye kutoa. Na mizani iwe ya desimali tatu, ya mbili itakuyumbisha gramu mbili tatu za jibu hata ukifanya kila kitu sawa.

Wa Nairobi, nyie mna mtego wenu. Presha mnayoiona kwenye app ya hali ya hewa, zile hPa 1015, imeshasahihishwa iwe kama ya usawa wa bahari, wakati ya kweli pale ni kama 830. Ukiiingiza ile ya app utapata 47 hivi, utalaumu kiberiti kimeloa na utakikausha mpaka jioni bila kubadilika kitu, kwa hiyo tafuta baromita ya ukutani ambayo haijasetiwa kwa usawa wa bahari.