Kabla ya Kuagiza Mifuko ya Udongo, Omba Picha ya Fimbo

Dada yangu wa Morogoro alinitumia picha ya kitalu alichojengewa na fundi nyuma ya nyumba, akaniuliza: "Kaka, niagize mifuko mingapi?" Nilipiga hesabu haraka nikamjibu ishirini na sita. Alihitaji kumi na saba. Mifuko tisa ya ziada ilikaa barazani kwake mvua nzima, na ilikuwa fedha yake, si yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika nilipokosea.

Kitalu chake ni cha tofali za saruji za inchi 6, kozi mbili, bila plasta, kwa hiyo kila tofali linahesabika pichani. Tofali hilo lina urefu wa sentimita 45 hivi. Upande mrefu niliona matofali matano, nikaongeza saruji ya katikati, ikaja sentimita 233. Upande mfupi ulikuwa na matofali mawili pamoja na kichwa cha tofali la pembeni, yaani 109. Kuhesabu matofali ni salama kuliko kupima picha kwa rula, kwa sababu upande ulio mbali na kamera huonekana mdogo hata kama ni sawa na wa karibu. Kama kitalu ni cha mbao, mwombe mtu alaze futi kamba kwenye kila upande na apige picha ya kila upande peke yake.

Hadi hapo nilikuwa sawa. Kosa ni kwamba nilizidisha vipimo vya nje. Kuta zina unene wa sentimita 15 kila upande, kwa hiyo urefu na upana vyote viwili vinapungua sentimita 30. Ndani inabaki kama sentimita 200 kwa 80. Kwenye kitalu kidogo kama hiki, kuta zinakula zaidi ya theluthi ya eneo unaloliona pichani.

Sasa kina, na hapa ndipo pa kutulia. Ukuta una sentimita 45 za matofali, lakini hizo si kina cha udongo. Picha ya kutoka pembeni haionyeshi sakafu iko wapi. Nilimwomba dada achomeke fimbo ndani hadi igote, aweke alama usawa wa ukingo, kisha apime. Akapata 35, kwa sababu chini kulikuwa na udongo mgumu wa tangu ujenzi. Tukaacha sentimita 5 juu ili maji ya kumwagilia yasimwagike nje. Tukabaki na 30, ambazo zinatosha mchicha na sukuma wiki.

Njia yangu ya kuhesabu ni kugawa kila kipimo kwa kumi, kisha kuzidisha. Jibu linakuja kwa lita moja kwa moja. Hapa ni 20 × 8 × 3, sawa na lita 480, au ndoo kubwa 24 za lita 20. Ukikosea urefu kwa sentimita 5, unapotea kwa lita 12, haifiki hata ndoo. Ukikosea kina kwa sentimita hizo hizo 5, unapotea kwa lita 80, ndoo nne nzima. Kipimo ambacho picha inakificha ndicho chenye uzito kuliko vyote.

Ongeza moja ya tano. Udongo uliomiminwa una hewa nyingi, na mboji ikichanganywa nao huingia kwenye nafasi zilizo wazi. Ukimwagilia, vyote vinashuka. Lita 480 zinakuwa 576.

Kubadili lita kuwa mifuko, usikubali jibu la kilo. Mboji yenye maji ni nzito, lakini haijazi zaidi. Muuzaji wa dada anajaza mifuko mitupu ya saruji, na tulipomimina mmoja kwenye ndoo ulitoa ndoo moja na robo tatu, yaani lita 35. Gawa 576 kwa 35, unapata kumi na sita na kitu: chukua kumi na saba. Kwetu ilikuwa kumi na mmoja ya udongo na sita ya mboji. Muuzaji mwingine akitumia viroba vya pumba, hesabu hii haifai tena. Mimina kimoja kwenye ndoo kwanza.

Dada alijaza kwa awamu, akimwagilia kila baada ya mifuko mitano, na akaweka miwili pembeni. Wiki ya tatu udongo ulikuwa umeshuka kiasi cha vidole viwili, akaiongeza hiyo miwili kabla ya kusia mchicha.