Usiukate waraka kabla hujajua "chombo" ni nini

Kazi iliyonifunza somo hili ilikuwa kutafsiri kwa Kiswahili mwongozo wa kuendesha miradi ya maji vijijini, kurasa zaidi ya 200 za Kiingereza, maneno kama 70,000. Mtu mmoja akienda mwendo wa kawaida, maneno 2,000 kwa siku, anahitaji siku 35 za kazi. Mteja alitupa wiki tano kwa kila kitu, mapitio yakiwemo. Nikawaita wenzangu wawili, tukagawana kurasa sawa kwa sawa kama watu wanaogawana mkate, kila mtu akaenda kivyake.

Siku ya kuunganisha niliona aibu. Kwenye sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuna taasisi ya wanakijiji inayoendesha mradi. Watu wa maji huiita CBWSO, na kwa Kiswahili cha wizara ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mwenzangu wa kwanza, aliyezoea jina la zamani, aliandika "jumuiya". Mimi niliandika "chombo". Wa tatu akaandika "kamati". Hapo si suala la ladha tena, maana ndani ya hicho chombo kuna kamati, nayo ina kazi zake. Msomaji wa sura ya nne angeamini kwamba kamati ndiyo inayomiliki akaunti ya benki.

Kuna lililonichekesha baadaye, ingawa siku ile sikucheka. Kwenye sura ya kutibu maji kwa klorini, mwenzetu huyohuyo wa tatu alikuwa na sentensi inayosema: "Chombo kisafishwe kila baada ya miezi mitatu." Yeye alimaanisha pipa la kuchanganyia dawa. Ukiisoma baada ya sura yangu, unaona viongozi wote wanafukuzwa kila robo mwaka.

Nikadhani dawa ni ndogo: tafuta neno, badilisha, maliza. Anayejaribu hivyo kwa Kiingereza anaweza kupona. Kwa Kiswahili hapana, kwa sababu jina halikai peke yake, linaburuta sentensi nzima. Chukua hii: "Jumuiya, baada ya kusajiliwa, itafungua akaunti yake benki. Itawasilisha taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka." Kompyuta inabadilisha neno la kwanza tu, unabaki na "Chombo, baada ya kusajiliwa, itafungua akaunti". Hilo la kwanza utaliona. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa sentensi ya pili haina jina kabisa, ina "i-" tu mwanzoni mwa kitenzi. Hakuna utafutaji utakaoikamata. Tulirekebisha kwa macho, sentensi moja moja, usiku tatu.

Tangu hapo, orodha yangu ya istilahi ina safu ambayo sikuwahi kuona mteja akiileta: ngeli. Kila neno linaandikwa na sentensi fupi inayoonyesha linavyotembea: chombo kimesajiliwa, vyombo vimesajiliwa. Kando yake kuna safu ya maneno yasiyotumika kwa maana hiyo, na hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mbele ya "chombo" nimeandika: si jumuiya, si kamati, na kwa kitu cha kutilia maji usiandike chombo, andika ndoo, dumu, pipa au tenki, kadiri kilivyo.

Uamuzi wa "chombo" haukuwa wa kutii wizara tu. "Jumuiya" na "kamati" zote ni za i-/zi-, kwa hiyo "itatia saini" haimwambii msomaji ni ipi kati ya hizo. Chombo kikiwa ki- na kamati ikiwa i-, kiambishi chenyewe kinamaliza ubishi hata pale jina lilipoachwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya maneno mawili yanayofaa, angalia pia majirani zake ni wa ngeli gani.

Orodha hii inatengenezwa kabla ya kukata. Nasoma waraka wote siku mbili bila kutafsiri chochote, kisha sura ya waraka inayoeleza maana ya maneno na vifupisho inatafsiriwa kwanza, na mtu mmoja. Kwenye ule mwongozo orodha ilitoka na maneno 60 hivi. Usiijaze mpaka 300, hakuna atakayeifungua. Weka yale yanayojirudia, na yale yanayogongana. Mfano ni kifaa cha kupimia matumizi ya maji: wengi tunasema "mita", lakini kwenye waraka uliojaa urefu wa mabomba, "fundi aandike mita alizofunga" ni fumbo. Tukaandika "dira ya maji", kama ofisi za maji zinavyosema, na mita ikabaki ya urefu.

Ndipo unakata. Nakata kwa mambo, si kwa idadi ya kurasa: kipande kiwe cha maneno 3,000 hadi 5,000, ila sikati katikati ya hatua za kazi moja, wala sitenganishi jedwali na maelezo yake. Kipande kimoja kikifika 6,000 kwa sababu hiyo, sawa.

Shida ya kipande ni mlango wake. Kiingereza kina kile kiwakilishi cha herufi mbili, "it", kinachobeba kitu chochote kisicho mtu. Mwenzangu alipokea kipande kilichoanza na agizo kwamba hicho kitu kizimwe kabla ya kufungua koki. Kitu gani? Pampu ingekuwa "izimwe", mtambo "uzimwe". Mfasiri wa Kiingereza kwenda Kifaransa anabahatisha kati ya jinsia mbili, sisi tuna ngeli chungu nzima. Kwa hiyo kila kipande kinatoka na aya mbili za mwisho za kipande kilichotangulia, zenye rangi ya kijivu, za kusoma tu. Juu yake naandika mistari mitatu: tunaongea na nani (fundi, mhasibu au mwanakijiji), tunaagiza kwa namna gani, na vitu gani vimeshatajwa. La kuagiza usilidharau. Sisi watatu tulikuwa na "safisha", "safisheni" na "isafishwe" ndani ya sura moja.

Maswali huulizwa kwenye kundi la Wasapu, lakini jibu halihesabiki mpaka mtunza orodha aliandike kwenye orodha. Mtunza ni mmoja. Wakiwa wawili mnarudi kwenye jumuiya na kamati.

Vipande vikirudi, navihifadhi kama maandishi matupu na kulipitia kila neno lenye hatari:

```
grep -niwE "chombo|vyombo" *.txt
```

Amri hiyo inaonyesha kila mstari wenye neno hilo, faili lake na namba ya mstari. Sentensi zisizo na jina hazimo, kwa hiyo nasoma pia viungo: ukurasa wa mwisho wa kipande na wa kwanza wa kinachofuata, kwa sauti, mwenzangu akifuatilia Kiingereza. Hapohapo tunahakiki kwamba "tazama sehemu ya 4.3" inataja kichwa cha habari kama kilivyoandikwa kule 4.3.

Na likitokea la lazima, mteja akataka neno libadilike mkiwa katikati, usimwachie kila mtu abadilishe kwake. Andika tarehe kwenye orodha, acheni kipande kipya kiendelee na neno jipya, na vile vilivyokwisha apewe mtu mmoja avipitie kwa mkono tangu ukurasa wa kwanza. Siku hizo naziandika kwenye ankara.