Dozi ya chanjo ya wiki 10 imepita, inaanza upya?

"Jamani wana Kigoma, mwanangu kazaliwa tarehe 3 Machi, tulienda msibani Kibondo tukapitisha tarehe ya wiki 10. Inabidi kuanza upya? Na mama mkwe anataka apewe maji, joto limezidi."

Dada pole na msiba. Haianzi upya kabisa, zile za wiki 6 zinahesabika, unaendelea pale ulipoishia, kwahiyo nenda siku ya kliniki iliyo karibu usisubiri mwezi ugeuke. Sheria ni kwamba kati ya dozi na dozi zipite angalau wiki 4. Yako ya wiki 10 ilikuwa iwe 12 Mei, sasa tuseme umefika tarehe 2 Juni, anachomwa siku hiyo hiyo, halafu ile ya wiki 14 ambayo ingekuwa 9 Juni inasogea mpaka 30 Juni. Mwambie nesi aiandike kwenye kadi kabla hujatoka, maana wengi tunapotelea kwenye kuhesabu miezi kichwani wakati ratiba inaenda kwa wiki, mtu anasema mwezi na nusu, miwili na nusu, siku zinasogea tu.

Mafua madogo yasikurudishe nyumbani. Wa kwangu wa pili alikuwa anakohoa kidogo siku ya penta, nesi akampima joto akamchoma, usiku alichemka kidogo na paja likavimba, kesho yake yuko sawa. Ila akichemka sana, akagoma kunyonya au akalegea, usisingizie chanjo, peleka kituoni hata kama ni usiku, huku kwetu malaria ipo.

Maji hapana mpaka miezi 6, hata kwa joto hili la Ujiji. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, we mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na tumbo lake dogo likijaa maji ananyonya kidogo na maziwa yako yanapungua, bado hatujasema kuhara. Mama mkwe wangu alielewa tulipoenda naye kliniki akaambiwa na nesi mwenyewe, jaribu hiyo. Ukitaka kujua ameshiba angalia mkojo, nepi 6 au zaidi kwa siku zilizolowa, na mstari wa uzito kwenye kadi uwe unapanda, ukilala au ukishuka uliza hapo hapo.

Tarehe 3 Septemba anafikisha miezi 6, hapo aanze chakula na apate matone ya vitamini A. Uji uwe mzito ubaki kwenye kijiko sio wa kumiminika, vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, uongeze taratibu. Mimi natia unga wa dagaa waliochambuliwa vizuri na mawese kidogo, na kunyonya kunaendelea kama kawaida. Surua na rubella ni miezi 9, yaani 3 Disemba, ya pili yake ni miezi 18 kwahiyo kadi usiitupe akishafikisha mwaka.