Ngozi za mbuzi kukataliwa

"Nimechinja mbuzi watano wa harusi, ngozi nikatia chumvi nikaanika juani. Mnunuzi kakataa tatu. Nimekosea wapi?"

Pole ndugu yangu, jua ndilo lililokuponza. Kuna mwenzetu aliyekushauri uongeze chumvi tu; yuko sawa nusu, maana ngozi mbichi ukiitandaza chini juani, juu inakauka kama ubao huku katikati ikioza. Vuta manyoya kwa vidole: yakitoka kirahisi, imeshaharibika. Zile mbili zilizopokelewa huenda zilipata kivuli.

Safari ijayo pasua kwa kisu tumboni na miguuni tu, kwingine chuna kwa ngumi. Kila tundu la kisu linashusha bei. Osha damu, kwangua mafuta, acha maji yachuruzike, kisha sugua chumvi upande wa nyama mpaka kwenye kingo, yote ndani ya saa chache. Ngozi ya kilo 2 inataka kama gramu 700. Kesho yake iwambe kwenye fremu, kivulini penye upepo, bila kuivuta sana.

Dada uliyeuliza kama ngozi za ng'ombe nazo hukaushwa hivi, zile ni nene. Kwa hiyo mimi huziuza mbichi na chumvi yake.